Naomba ushauri: IPS au VA kwa gemu za kasi, ikiwa kadi yangu ni GTX 1650?

Wakuu habari zenu. Nataka kununua monita ya 1080p kwa ajili ya gemu za kupigana risasi. Kadi yangu ya grafiki ni GTX 1650, na gemu ninayocheza zaidi inanipa fremu kama 75 kwa sekunde.

Nimepiga hesabu: kwa fremu 75, kila picha inakaa kwenye kioo milisekunde 13 hivi. Kwa hiyo paneli ya IPS inayobadilisha rangi kwa milisekunde 5 au 6 inamaliza kazi kabla picha inayofuata haijaja, na sioni faida ya kulipia zaidi ili nipate ya kasi kuliko hiyo. Wasiwasi wangu uko kwenye VA. Nyeusi yake ni nzuri mno, lakini kutoka nyeusi kwenda kijivu cheusi inaweza kuvuka milisekunde 20. Hapo hata kwa fremu zangu chache, adui anayekimbia gizani ataacha kivuli nyuma yake. Ile "1ms" ya kwenye boksi siitegemei, maana mara nyingi ni MPRT, kipimo cha muda picha inaonekana machoni, unaofupishwa kwa kuwasha na kuzima taa ya nyuma, si cha kasi ya paneli yenyewe kubadilisha rangi.

Waliowahi kucheza kwenye VA kwa fremu 70 hadi 80, kivuli hicho kinasumbua kweli? Na mkiongeza Overdrive kwenye menyu, kinapungua, au vitu vinaanza kuzungukwa na ukingo mweupe?