Kufuatilia faida za bondi za Serikali: shiti, skripti ya kusoma PDF, au ujumbe wa dalali?

Mhazini_Kizingo
Salamu zenu. Chama chetu hapa Mombasa kina fedha za kuweka kwenye bondi za muda mrefu, na wanachama wamekubaliana tusiingie mpaka faida ifike asilimia 13.5. Nataka kitu kitakachonishtua kiwango hicho kikivukwa, iwe ni kwenye mnada wa Benki Kuu au kwenye biashara ya kila siku ya soko la hisa Nairobi. Nina njia tatu mbele yangu. Ya kwanza ni shiti ya Google ninayoijaza kwa mkono, nayo inanitumia barua pepe. Ya pili ni skripti inayopakua PDF ya matokeo na kuisoma yenyewe. Ya tatu ni kumtegemea dalali wetu, ambaye hutuma ujumbe wa WhatsApp kila mnada ukiisha. Waliojaribu hizi, ipi inashika?

Kijana_wa_Msimbo
Skripti, bila kusita. Mkono huchoka. Matokeo yote yako centralbank.go.ke, na muundo wa PDF hizo haubadilikibadiliki. Unapakua, unatafuta asilimia ya kwanza kwenye jedwali, unailinganisha na kikomo chako, kwisha. Mistari ishirini ya Python na `cron` inatosha.

Nahodha_Tudor
Kaka, kuhusu mkono kuchoka uko sawa. Hiyo asilimia ya kwanza ndiyo itakayompoteza Mhazini.

Bondi ikifunguliwa upya, yaani ikiuzwa tena mnadani, jedwali la matokeo huonyesha kuponi yake ya zamani, ile riba iliyofungwa ilipouzwa mara ya kwanza, pamoja na faida ya mnada wa leo. Chukua bondi ya miundombinu IFB1/2024/8.5. Iliuzwa Februari 2024 na kuponi yake ikafungwa kwenye 18.4607. Namba hiyo haitabadilika hadi bondi ikomae. Siku yoyote itakapofunguliwa upya, skripti inayonyakua asilimia ya kwanza inaweza kusoma 18.4607 na kupiga kengele, hata kama wanunuzi wa siku hiyo wamepata faida ya chini kabisa kuliko hapo. Dalili ya kosa hili ni rahisi kuiona: arifa inaleta namba ileile yenye tarakimu nne baada ya nukta, kila bondi hiyo inapotajwa.

Mstari unaotakiwa ni ule ulioandikwa `Weighted Average Rate of Accepted Bids`. Karibu yake kuna `Market Weighted Average Rate`, na hizo mbili si kitu kimoja. Ya soko ni wastani wa bei zote zilizoletwa, pamoja na za waliotaka faida kubwa mno wakakataliwa. Anayeomba bila kutaja kiwango, kama vyama vingi vinavyofanya, hulipwa ule wastani wa waliokubaliwa. Kwa hiyo kikomo cha Mhazini kipimwe hapo.

Kwa bondi, ningechagua shiti ya kujazwa kwa mkono, na sababu ni hesabu tu. Minada ya bondi ni michache kwa mwezi, kwa kawaida Jumatano, na malipo ni Jumatatu inayofuata. Kuandika namba mbili au tatu ni kazi ya dakika tano, na jicho lako linaona kuponi na faida kwa wakati mmoja. Skripti inaanza kuwa na maana ukifuatilia pia bili za hazina za siku 91, 182 na 364, kwa sababu hizo zina mnada kila wiki, siku ya Alhamisi.

Dalali mtumie kama shahidi wa pili. Ujumbe wake mara nyingi hutaja "imetoka 13.4" bila kusema ni wastani upi.

Mama_Kongowea
Samahanini wanangu, nina swali linalofanana. Mimi ninayo hiyohiyo ya 18.46. Mnasema faida inashuka, je, riba yangu ya miezi sita nayo itapunguzwa? Niuze kabla?

Nahodha_Tudor
Shikamoo mama. Haitapunguzwa kwa sababu ya kushuka huko. Kuponi yako ni ileile na utaendelea kuipata kila baada ya siku 182. Kinachobadilika ni bei ya bondi hiyo mtu akitaka kuinunua kwako: faida ya sokoni ikishuka, bei ya yako hupanda juu ya 100, yaani zaidi ya shilingi 100 kwa kila 100 ya bondi. Kuuza au kutouza ni jambo la mahitaji yako ya fedha, wala si kwa kuogopa kupunguziwa. Arifa anayoitafuta Mhazini ni ya mnunuzi. Yako ingekuwa ya kinyume chake, yaani ikujulishe faida ikishuka chini ya kiwango fulani, maana hapo ndipo bei yako imekuwa nzuri.

Mama_Kongowea
Marahaba mwanangu, nimefahamu. Ahsante.

Bint_Nyali
Mhazini, kabla ya kufikia shiti, hiyo 13.5 yenyewe ni ya bondi gani? Bondi ya miaka 10 na zaidi inakatwa kodi ya zuio 10% kwenye riba. Ya chini ya miaka 10 inakatwa 15%. Za miundombinu, zile zinazoanza na IFB, hazikatwi. Ukiweka kikomo kimoja kwa zote, utapigiwa kengele ya bondi ya miaka mitano inayokubakishia kidogo, na ukimya kwa IFB ambayo ingewafaa zaidi.

Fanya hivi. 13.5 mara 0.90 ni 12.15, na hicho ndicho mnachobaki nacho mkononi. Basi kikomo cha IFB kiwe 12.15. Kwa bondi ya chini ya miaka 10, gawa 12.15 kwa 0.85, upate 14.29. Viweke vikomo vitatu kwenye safu yake, kila bondi na chake. Hesabu hii ni sahihi bei ikiwa karibu na 100. Bondi inayouzwa mbali na 100, kodi inakata kuponi wala si faida nzima, kwa hiyo namba itasogea kidogo.

Mhazini_Kizingo
Hili sikulifikiria kabisa. Nimetengeneza shiti yenye jina `Matokeo`, safu A tarehe, B bondi, C kiwango, D kikomo, E imekaguliwa. Skripti niliyoandika inasoma mstari wa mwisho (`getLastRow`) na kutuma barua pepe. Inatosha?

Bint_Nyali
Mstari wa mwisho utakuangusha. Benki Kuu mara nyingi huuza bondi mbili au zaidi kwenye mnada mmoja. Ukiandika mbili kwa pamoja, ya juu haitakaguliwa kamwe, na hutajua, kwa kuwa ukimya unafanana na "haijafika kikomo". Pitia mistari yote:

```javascript
function kagua() {
  const s = SpreadsheetApp.getActive().getSheetByName('Matokeo');
  const d = s.getDataRange().getValues();
  const kwa = 'wewe@example.com';
  for (let i = 1; i < d.length; i++) {
    const [tarehe, bondi, kiwango, kikomo, tayari] = d[i];
    if (tayari || kiwango === '') continue;
    if (!(kiwango > 4 && kiwango < 25) || !(kikomo > 4)) {
      MailApp.sendEmail(kwa, 'Sahihisha mstari ' + (i + 1), String(bondi));
      continue;
    }
    if (kiwango >= kikomo)
      MailApp.sendEmail(kwa, bondi + ': ' + kiwango, 'Kikomo ' + kikomo);
    s.getRange(i + 1, 5).setValue(new Date());
  }
}
```

Ule ukaguzi wa 4 hadi 25 usiufute. Ukiandika `13.5%` na alama ya asilimia, shiti huhifadhi 0.135, na hiyo haitavuka kikomo chochote duniani. Ukiacha kikomo wazi, kinahesabiwa kuwa sifuri, basi kila mnada utapiga kengele. Mistari ya aina hizo mbili itakusumbua kwa barua pepe mpaka uirekebishe, na ndivyo inavyotakiwa. Kwenye `Triggers` weka kila saa moja, na kwenye `Project Settings` hakikisha saa za eneo ni Nairobi.

Kijana_wa_Msimbo
Nakubali kosa la asilimia ya kwanza. Ila mkono nao una ugonjwa wake: mtu akisafiri au akisahau, shiti haisemi kitu.

Bint_Nyali
Kweli kabisa. Ongeza arifa ya ukimya. Andika tarehe za minada ya mwezi mapema, na Ijumaa mchana ya wiki yenye mnada, kama safu ya kiwango bado ni tupu, barua pepe itoke. Ijumaa pia Benki Kuu hutoa taarifa yake ya wiki yenye matokeo, kwa hiyo utailinganisha na ulichoandika.

Nahodha_Tudor
Kuna jambo moja ambalo naona linapuuzwa. Arifa ya matokeo ya mnada huja mnada ukiwa umefungwa. Inakusaidia nini?

Angalia ilivyokwenda kwa IFB. IFB1/2023/007 ilitoka na 15.837 katikati ya 2023. Novemba 2023, IFB1/2023/6.5 ikatoka na 17.9327. Mtu mwenye kikomo cha 17 angepata arifa Novemba, amechelewa kwa ile ya Novemba, lakini amejua bei imehama. Kuanzia hapo angefungua akaunti ya DhowCSD, mfumo wa Benki Kuu wa kununulia bondi, akapitisha kumbukumbu za kikao cha chama na kuweka fedha tayari. Februari 2024 ikaja IFB1/2024/8.5: Serikali ilitaka shilingi bilioni 70, maombi yakafika karibu bilioni 288.7, zikachukuliwa kama bilioni 241, kwa wastani wa 18.4607. Aliyesubiri arifa ya Februari ndipo aanze kufungua akaunti, aliikosa. Baada ya hapo faida zilishuka sana, hata bili za siku 364 zikaingia chini ya 10 katika 2025.

Kwa hiyo weka vikomo viwili. Cha chini, tuseme asilimia moja chini ya lengo, kinamaanisha "andaa karatasi na fedha". Cha juu kinamaanisha "omba mnada ujao". Mara nyingine Benki Kuu huuza nyongeza siku chache baada ya mnada, kwa wastani uleule uliokubaliwa. Hapo arifa ya matokeo inakuwa na kazi ya moja kwa moja. Na mkishakubaliwa, wekeni kengele nyingine ya Jumatatu ya malipo. Kiasi na namba ya malipo viko kwenye DhowCSD, na asiyelipa anaweza kusimamishwa kununua.

Mhazini_Kizingo
Na upande wa soko la hisa? Bei za kila siku nazo niziingize?

Kijana_wa_Msimbo
Hapo skripti ina haki yake, maana ni kila siku ya kazi. Tatizo ni bondi zisizouzwa sana. Muuzaji mmoja mwenye haraka, kiasi kidogo, na faida inaruka hadi 14 kwa siku moja. Arifa isitoke mpaka kikomo kivukwe siku mbili za biashara mfululizo, na ikishatoka isirudie mpaka kiwango kishuke 0.3 chini ya kikomo. Bila hivyo, faida ikizunguka 13.45 na 13.55 utapata barua pepe kila jioni na mwisho utaacha kuzisoma.

Nahodha_Tudor
Siku mbili ni chache kwa bondi isiyouzwa wiki nzima. Mimi naangalia kiasi kilichouzwa kwanza, chini ya milioni 50 siihesabu.

Kijana_wa_Msimbo
Milioni 50 itafuta karibu bondi zote za zamani, na huenda hizo ndizo zenye bei nzuri kwa chama kidogo. Hapo hatukubaliani, kaka.

Mhazini_Kizingo
Nimeweka vikomo vya Bint_Nyali na vile viwili vya Nahodha. Soko la hisa nitalianza na siku mbili, huku nikiandika kiasi kilichouzwa kwenye safu ya pembeni, nione kwa miezi mitatu kipi kinapiga kengele za uongo.