Intaneti ya antena ya juu inakufa mvua ikinyesha, ninunue dishi kubwa?

MkaziWaGoba: Wakuu, habari za leo. Natumia intaneti ya antena ya gigahezi 5, mnara uko kama kilomita 4 kutoka kwangu. Nalipia spidi ya 20. Tangu masika yaanze, mvua ikikolea inashuka hadi 2, na hata jua likiwaka haivuki 9. Jana nimekatika mara tatu kwenye kikao kimoja cha kazi. Nawaza kuchukua dishi la desibeli 30. Mnasemaje?

MzeeWaFeni: Mvua inakula mawimbi, hilo halina ubishi. Dishi langu la TV likiona wingu tu, mpira unaganda mtu anapiga penalti. Chukua kubwa, umalize kesi.

SpanaKumi: Mzee, dishi la TV linapokea gigahezi 11 au 12 kutoka angani, huko mvua inakula kweli. Kwa gigahezi 5, kilomita 4, mvua kubwa inakula desibeli moja au mbili, gharika labda tatu. Mleta uzi, fungua ukurasa wa antena, siyo wa ruta. `Signal` inasoma ngapi sasa, na siku ya kufungiwa ilikuwa ngapi?

MkaziWaGoba: Sasa -72, na hakuna mvua. Siku ya kwanza ilikuwa -58, nina picha.

SpanaKumi: Umepoteza 14. Maana yake katika sehemu 25 zilizokuwa zinakufikia, inafika moja. Antena imegeuka. Ukiwa na -58, mvua ya desibeli mbili hata huisikii. Ukiwa na -72, mbili hizo hizo zinakutoa ukingoni. Waite waliokufungia.

MkaziWaGoba: Hao sitaki kuwaita.

BintiMkorofi: Kwa nini? Mteja halali anamkimbia fundi wake?

MkaziWaGoba: Haya. Mwezi wa pili nilikuwa nabadilisha bati, nikaihamishia antena kwenye mnara wa simtanki mwenyewe. Na kuna waya unakwenda kwa wapangaji sita, wananichangia elfu kumi kumi. Lakini ilipiga kazi vizuri tu mpaka ule upepo wa mwisho wa mwezi wa tatu! Na dishi nimeshalipia nusu Kariakoo, kwa hiyo ushauri ulenge dishi.

Mwadilifu: Kuchangia ndiyo jina jipya la kuuza. Kuuza intaneti kunataka leseni ya TCRA, ndugu yangu. Halafu unashangaa baraka zinakatika.

MzeeWaFeni: Elfu kumi kwa spidi ya 2 ukigawa kwa sita? Mimi niko na wapangaji.

KitaaHakidanganyi: Chai hii. Amesahau kutuambia kahamisha antena, ila picha ya -58 anayo. Kesho atarudi kusema dishi limemwokoa, na namba ya duka chini.

MkaziWaGoba: Picha hizo hapo, mbili. Ya pili ni ya jana mvua ikinyesha.

SpanaKumi: Chai au siyo chai, hiyo ya pili itazameni. `Signal` ni -74, mvua imechukua mbili tu kama nilivyosema. Lakini mstari wa chini unasoma `LAN0: 10Mbps-Half`. Kwenye picha ya zamani ni `100Mbps-Full`. Maji yameingia kwenye kichwa cha waya. Dishi haliwezi kutibu hilo.

Na dishi la 30 mwali wake ni mwembamba, nyuzi tano hivi, tena linakamata upepo kama tanga. Kwa kilomita 4, likigeuka nyuzi moja tu umekosea mita 70. Unataka kulifunga kwenye mnara wa simtanki?

Ngoja kukauke. Zima umeme wa antena, kata kichwa kile, weka kipya, na waya uuache uning'inie tumbo chini ya antena ili maji yadondokee hapo. Kisha washa, mtu akae chini akusomee namba. Legeza nati kidogo, sogeza kiasi cha nywele, subiri sekunde kumi. Pita kilele mpaka namba iharibike, ndipo urudi. Kushoto na kulia kwanza, juu na chini baadaye. Ukikuta kilele kinachogoma kwenye -70, hicho ni cha uongo, endelea kuzungusha.

MkaziWaGoba (siku mbili baadaye): Nati zilikuwa zinazunguka kwa vidole. Kichwa cha waya ndani kijani kitupu. Sasa inasoma `100Mbps-Full`, spidi 17, `Signal` -63. Zaidi ya hapo imegoma.

SpanaKumi: Ukisimama kwenye simtanki ukatazama mnara, mbele kuna nini?

MkaziWaGoba: Mwembe wa jirani, kama unaugusa pembeni. Zamani nilikuwa naupita.

SpanaKumi: Majani yakilowa utanikumbuka.

BintiMkorofi: Na dishi?

MkaziWaGoba: Mwenye duka harudishi hela, kanilazimisha nimalizie. Kuna anayehitaji dishi la 30? Bado liko kwenye boksi, bei maelewano.

KitaaHakidanganyi: NILISEMA MIMI.