Tupeane uzoefu: mashine ya kadi ugenini inapokuuliza ulipe kwa pesa ya kwao au ya kwetu

Mpwani wa Chumbageni
Wadau, jana nilikaa barazani na jamaa aliyetoka Dubai kufuata vipuri. Kanionyesha risiti ya hoteli ya Deira, chini imeandikwa shilingi za Tanzania kabisa. Mwenyewe anajisifu, eti wenzetu wameendelea hadi shilingi yetu wanaijua. Mimi roho ikanidunda, maana risiti kama ile naifahamu. Aliyewahi kuulizwa na mashine achague pesa, aseme alichagua ipi na akakatwa nini.

Horohoro Kwetu
Huna haja ya kwenda Dubai, vuka tu hapo Lunga Lunga. Supamaketi moja ya Nyali mhudumu kaniuliza, "Kaka, shilingi?" Nikaitikia, kumbe kwenye mashine palikuwa na TZS na KES, naye kabonyeza TZS. Siku hizi nasema "ya Kenya" kabla hata sijatoa kadi.

Mzee wa Pongwe
Hawa wa simu nao wametuzidi. Nilimtumia kijana wangu Mombasa, akienda kutoa anakatwa na mimi huku nimeshakatwa. Serikali iliangalie hili.

Horohoro Kwetu
Mzee shikamoo. Hapa tunazungumzia kadi za benki, siyo simu.

Mzee wa Pongwe
Marahaba. Makato ni makato.

Mama Mabaibui
Mmenikumbusha machungu. Mimi biashara yangu mabaibui na mitandio, nafuata mzigo huko huko Dubai. Safari ile ndege yangu alfajiri, nikashuka mapokezi usiku wa manane kulipa chumba, teksi ipo nje inanguruma. Hesabu yangu dirhamu elfu moja kamili. Yule kijana wa mapokezi hakunigeuzia mashine hata kidogo. Kachomeka kadi, kabonyeza, kanipa niweke namba ya siri, risiti ikatoka: TZS 765,000.

Nikamwambia mwanangu, mimi nadaiwa dirhamu, hizi shilingi zimetoka wapi? Akasema mashine inachagua yenyewe kwa kuwa kadi ni ya Tanzania. Nikamwambia futa, tuanze upya kwa dirhamu. Akasema kufuta haiwezekani, anaweza kunirudishia pesa ila itachukua wiki kadhaa. Nikamwita meneja, hayupo. Dereva wa teksi anapiga honi. Nikasaini, nikaondoka na hasira zangu.

Sasa uwanjani ndipo palipokuwa na msiba. Mzigo umezidi kilo, natakiwa kulipia. Natoa kadi, inakataa. Natoa tena, inakataa. Nafungua simu naona salio limepungua kuliko hata ile 765,000. Kumbe siku naingia hotelini walikuwa wameshika kiasi cha dhamana kwenye kadi, na wakati wa kutoka hawakukiachia, wakachaji bili upya juu yake. Foleni nyuma yangu inanung'unika, mabegi yangu yako kwenye mizani, nimevua hata pete naangalia kama kuna atakayeinunua. Ndipo kaka mmoja, msikie tu lafudhi yake ni Tanga hii hii, akasema, "Dada, wewe ni wa kwetu?" Akanilipia keshi. Tumefika Dar nikamrejeshea kwa simu.

Yakhe wa Ngamiani
Ngoja kwanza, huyo kaka ana mke?

Mama Mabaibui
Wee! Nimeeleza msiba wangu, unaleta posa.

Yakhe wa Ngamiani
Shoga zangu wamenituma. Mtu wa kulipia mgeni kilo za mabaibui haachwi apotee hivi hivi.

Dola Mfukoni
Tatizo nyie mnapenda usasa. Mimi natembea na dola taslimu, nafika Deira naingia duka la kubadilishia, napewa dirhamu zangu. Hakuna mashine ya kuniuliza swali.

Bint Raskazoni
Na ukiibiwa unamuuliza nani? Shemeji yangu aliacha bahasha kwenye mfuko wa kiti cha teksi, mpaka leo. Kadi ikipotea unapiga simu, inafungwa.

Dola Mfukoni
Shemeji yako mzembe, usiitukane dola.

Bint Raskazoni
Mzembe ni wewe unayefundisha watu watembee na mamilioni kiunoni.

Dawati la Kadi
Tuache hilo la kiuno. Nilifanya kazi upande wa kadi benki kabla sijarudi kulima machungwa Muheza, kwa hiyo nimueleze Mama Mabaibui kilichompata, maana pale kuna mambo mawili na watu wanayachanganya.

Ukichomeka kadi, mashine inasoma tarakimu za mwanzo za kadi, inajua imetolewa nchi gani. Hapo hoteli, pamoja na kampuni inayowaendeshea mashine, wanaweza kukupa ofa ya kulipa kwa pesa ya kwenu. Kiwango cha kubadilisha wanakipanga wao, wameshaongeza faida yao ndani, na hoteli inapata mgao wake. Ndiyo maana vijana wa mapokezi wana haraka ya kubonyeza. Ukikataa na kulipa kwa dirhamu, kazi ya kubadilisha inakwenda kwa Visa au Mastercard, na kiwango chao kwa kawaida kiko karibu sana na cha soko. Benki yako hapa inaongeza asilimia yake, iliyoandikwa kwenye orodha ya tozo za kadi.

Uzuri wa Dubai ni kwamba unaweza kuwakamata kwa simu ya tochi. Dirhamu imefungwa kwa dola tangu 1997, dola moja ni dirhamu 3.6725. Tuchukulie siku ile dola ilikuwa shilingi 2,600. Gawanya 2,600 kwa 3.6725, unapata dirhamu moja ni kama shilingi 708. Bili ya dirhamu elfu moja ni kama 708,000. Mama kachajiwa 765,000. Yaani 57,000 imekwenda kwenye kiwango tu, karibu asilimia 8, na hakuna mstari kwenye meseji ya benki unaoiita tozo.

Halafu wengi wanadhani wakilipa kwa shilingi basi benki ya nyumbani haitakata ile asilimia yake. Benki nyingi zinakata hata hivyo, kwa sababu mfanyabiashara yuko nje ya nchi, hata kama kiasi kimeandikwa kwa shilingi. Tukisema benki inachukua asilimia 3, kwa shilingi anafika kama 788,000, kwa dirhamu angeishia kama 729,000. Sawa na kulipa nauli ya boda mara mbili huku umepanda mara moja.

Jambo la pili, lile la kushikiwa, halihusiani na kubadilisha pesa. Ile ni dhamana ya siku ya kuingia. Hoteli ilitakiwa kumalizia bili juu ya dhamana ile ile au kuiachia. Kijana wako alichaji upya, ya zamani ikabaki inaning'inia mpaka muda wake uishe.

Mama Mabaibui
Kwa hiyo aliponiambia haiwezi kufutwa alinidanganya?

Dawati la Kadi
Kwa saa ile, inawezekana kabisa ilikuwa inafutika. Kabla mashine haijafunga hesabu za siku, malipo yanaweza kufutwa kana kwamba hayakufanyika, kisha anachaji tena akichagua AED. Kurudishiwa ni kitu kingine. Kule ni muamala mpya unaobadilishwa kwa kiwango cha siku hiyo, na kwa kawaida unarudi pungufu. Mtu akikuambia "nitakurudishia", mwambie unataka afute.

Hiyo risiti unayo? Soma maandishi madogo chini. Mara nyingi wanaandika kwamba mteja alipewa uchaguzi wa pesa na akakubali. Ukisaini bila kusema kitu unawapa ushahidi. Andika kwa kalamu pembeni ya saini kwamba hukupewa uchaguzi, piga picha, peleka benki yako ufungue malalamiko ya kuchajiwa kwa pesa isiyo sahihi. Visa na Mastercard wote wanadai mteja aulizwe, hairuhusiwi mhudumu kumchagulia.

Kijana wa Majani Mapana
Mnajisumbua. Fungueni akaunti ya dola, mpewe kadi ya dola. Dirhamu inakwenda dola, imeisha. Hakuna cha kubadilisha.

Dawati la Kadi
Nusu ni kweli, mdogo wangu. Kwa Dubai kadi ya dola inasaidia kwa sababu dirhamu na dola havipishani, ila asilimia ya benki ya muamala wa nje inaweza kuwepo bado. Na iko hatari ambayo wenye kadi za dola hawaijui. Mashine inaangalia nchi ya kadi, mara nyingine haijui kwamba akaunti yako ni ya dola. Inakuletea TZS. Ukikubali, dirhamu inageuzwa shilingi kwa kiwango chao kibaya, halafu shilingi inageuzwa dola ili ikatwe kwenye akaunti yako. Umeliwa pande zote mbili.

Kijana wa Majani Mapana
Mimi haijawahi kunitokea.

Dawati la Kadi
Umeshaangalia risiti zako?

Kijana wa Majani Mapana
Natupa.

Horohoro Kwetu
Hahaha. Na ATM je? Kuna ile ya Mombasa inakuonyesha kiwango halafu inakuuliza ACCEPT CONVERSION au DECLINE CONVERSION. Mimi nabonyeza ACCEPT kwa hofu kwamba nikikataa pesa hazitoki na kadi inamezwa.

Bint Raskazoni
Bonyeza DECLINE, pesa zinatoka. Nimefanya hivyo siku zote. Unakataa kiwango chao tu, muamala unaendelea.

Dola Mfukoni
Siku ikimeza kadi mtanitafuta.

Dawati la Kadi
Bint Raskazoni yuko sahihi. Ila mjue kukataa hakuondoi ada ya mwenye ATM wala ada ya benki yako ya kutoa pesa nje. Kwa kuwa ada hizo zinakatwa kwa kila utoaji, kutoa kidogo kidogo kunaumiza.

Mpwani wa Chumbageni
Jamaa yangu wa vipuri nimemsomea haya, amenyamaza. Sasa anauliza, yeye meseji ya benki siku ya kulipa ilisema kiasi kimoja, siku kadhaa baadaye taarifa ya akaunti inasema kingine. Hapo kaliwa tena?

Dawati la Kadi
Hilo kalipia kwa shilingi au kwa dirhamu? Kama ni dirhamu, meseji ya kwanza ni makadirio, kiwango kinachotumika ni cha siku muamala unapofika benki, kwa hiyo tofauti ndogo ni ya kawaida. Kama ni ile ya hoteli ya shilingi, kiasi hakitakiwi kubadilika, kilichoongezeka kitakuwa asilimia ya benki. Aende tawini aombe mchanganuo.

Mzee wa Pongwe
Tawini watamwambia mtandao uko chini.

Mama Mabaibui
Mimi malalamiko nimeshapeleka pamoja na picha ya risiti. Ila sikuandika kitu pembeni ya saini, nani angenifundisha saa nane usiku. Benki wamesema wanasubiri hoteli ijibu. Dhamana yenyewe imerudi nzima, wanachobishania ni hizo 57,000.

Bint Raskazoni
Usiziache.

Yakhe wa Ngamiani
Ziache, mwalike yule kaka chakula tumjue.

Horohoro Kwetu
Swali moja kabla hamjapotea. Nikinunua tiketi ya ndege kwenye tovuti ya nje na bei imekuja kwa shilingi yenyewe, ni mchezo huo huo au pale ni salama?

Kijana wa Majani Mapana
Salama, ile ni bei yao.

Dawati la Kadi
Inategemea tovuti. Badilisha pesa pale juu ya ukurasa uone bei kwa dola, kisha piga hesabu kama ile ya dirhamu. Nimeona zinazolingana na nimeona zinazopishana vibaya.