Diski ya 4TB inaonyesha 2TB tu, tupeane uzoefu

MamaHarusi_Video: Wakuu habari. Nimenunua diski ya 4TB ya kuweka video za harusi, nimeifunga ndani ya desktopu, Windows ikauliza MBR au GPT nikachagua MBR maana ndo jina nililokuwa nimelizoea. Sasa Disk Management inaonyesha vipande viwili, kimoja 2048.00 GB na kingine 1678.02 GB kimeandikwa Unallocated, nikibonyeza hicho cha pili New Simple Volume imefifia haibonyezeki. Muuzaji ananiambia itajifungua yenyewe nikishajaza ile nusu ya kwanza 😂. Na nishaweka GB 600 za wateja humo. Nani yamemkuta?

Kijana_wa_Bao: Hiyo kawaida dada, watengenezaji wanahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1024. Hata yangu ya 1TB inasoma 931. Huwezi kuona 4 kamili.

FundiKipara: Kijana uko sawa nusu. Hesabu hiyo ndo inaifanya 4TB isomeke 3726, na jumlisha vipande vyake viwili utapata hiyo hiyo 3726. Diski ni nzima, ila nusu ya pili haina namba.

Chukulia daftari la mjumbe wa nyumba kumi lenye safu nyembamba ya namba za nyumba, zikiisha zile tarakimu nyumba za mbele zipo, watu wanaishi, ila hawaandikiki. MBR ni daftari hilo, namba yake ya sekta ni biti 32, na sekta moja inahesabiwa kuwa baiti 512, zidisha unapata 2048 GB kamili. GPT safu yake ni biti 64, kwa diski za dukani hutafika mwisho.

Hamisha hizo GB 600 kwanza, halafu fungua komandi kama msimamizi:

```
diskpart
list disk
select disk 1
clean
convert gpt
```

Hiyo 1 ni ya kwangu, wewe soma ukubwa kwenye list disk ndo uchague. Clean haiulizi mara mbili.

Salum_wa_Mtaa: Mi najua GPT haikubali kompyuta ya zamani yenye BIOS, usijaribu.

FundiKipara: Hiyo ni kama unataka Windows ibuti kutoka kwenye diski hiyo, hapo ndo inadai UEFI. Diski ya kuhifadhi tu, mashine ya BIOS yenye Windows 7 kuja juu inaisoma bila shida. XP ile ya biti 32 ndo itagoma.

NyotaYaPwani: Yangu ilikuwa 3TB kwenye kava la USB la zamani ikasoma 746 GB! Nikabadilisha GPT ikabaki vile vile, nikalia.

FundiKipara: 746 ni ile 2794 ukitoa 2048. Kava lenyewe halijui kuhesabu kupita hapo, likifika mwisho linaanza upya. GPT haisaidii, badilisha kava.

NyotaYaPwani: Ndo nilichofanya mwisho wa siku. Ila mdogo wangu yake ilikuwa kinyume, diski imefanya kazi miaka ndani ya kava, kaitoa kaifunga moja kwa moja kwenye desktopu ikasema ifomatiwe.

FundiKipara: Asifomati! Kuna makava yanaiambia kompyuta kwamba sekta ni baiti 4096, ndo maana hata MBR inapita 2TB humo. Ukiitoa hesabu zote zinahama. Airudishe kwenye kava lile lile anyonye data zake kwanza.

MamaHarusi_Video: Nimerudi. Video nimezikopi kwenye eksteno yangu ya 1TB, nikaingia diskpart, list disk ikaleta 0 ya 238 GB, 1 ya 931 GB, 2 ya 3726 GB. Yaani ningeandika select disk 1 kama mfano wa fundi ningefuta ile ile yenye bekapu, mikono ilinitetemeka nikatoka kwanza, nikachomoa eksteno, nikaanza upya. Clean, convert gpt, list disk tena nikaona kinyota chini ya Gpt. Nikatengeneza paticheni moja, 3726.02 GB imekaa yote, eksteno nikairudisha na video zinarudi sasa hivi, dirisha linasema bado saa moja na dakika 40.

Salum_wa_Mtaa: Hongera. Hivi kuna njia bila kufuta? Nasikia ipo mbr2gpt.

FundiKipara: Hiyo ni ya diski yenye Windows yenyewe, Windows 10 toleo la 1703 kuja juu. Hii ya video ingeikataa. Kuna gdisk inageuza bila kufuta, nimeitumia mara mbili, ila kwa harusi za watu nisingethubutu bila kopi pembeni.

Baba_Twins: Mimi TV yangu haisomi diski yenye GPT, ya MBR inasoma. Ni ufomatiji au ni TV?

FundiKipara: Modeli gani, na umefomati NTFS au exFAT?

Baba_Twins: Sijui hata, niko kazini. Nikirudi nitaangalia.