Mrejesho: ile barua ya kusitisha mkataba wa usafi

Niliuliza: "Mteja kanisitishia mkataba leo leo, anasema nimekiuka. Kuna namna?"

Wakuu, asanteni. Nilifungua mkataba mlivyonielekeza. Kifungu cha 14 kinaruhusu kusitisha kwa kosa, ila kwanza waandike kosa lenyewe na wanipe siku 14 za kulirekebisha, zihesabiwe tangu nipokee barua. Kifungu cha 15 kinaruhusu kusitisha bila sababu yoyote, kwa notisi ya siku 30 na malipo ya kazi iliyokwishafanyika.

Barua yao ilisema tu "kwa utendaji usioridhisha, kuanzia leo". Kosa halikutajwa, wala siku za kurekebisha.

Nikajibu kwa barua, nikagongewa muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yangu: "Notisi yenu haikukidhi kifungu cha 14. Tajeni kosa, nasi tutalirekebisha ndani ya siku 14. Tupo tayari kuendelea na kazi." Sentensi ya mwisho ilinisaidia, ningeondoa wafanyakazi siku ile, wangesema mimi ndiye niliyetelekeza kazi.

Juzi wameleta barua mpya, ya kifungu cha 15. Kazi naipoteza, lakini siku 30 nalipwa na rekodi yangu haina kosa.