Tupeane uzoefu: umewahi kurudi kusoma meseji zako za kuimbisha? Mimi nimejikuta naomba msamaha kwa mtu ambaye hata hajanijibu

Fundi wa Kihonda
Wakuu, jana umeme ulikatika, nikakaa kibarazani nafuta picha ili simu ipate nafasi. Nikaangukia chati ya WhatsApp ya dada mmoja, ya mwaka 2022, nikaanza kusoma meseji zangu tu, zake nikaziruka. Nanakili kama zilivyo:

19:42 Gauni lile la bluu limekukaa, nimesahau hata nilichofuata dukani
19:46 Natania lakini
19:47 Namaanisha kwa heshima, usinielewe vibaya
19:58 Samahani kama nimekukera
20:31 Naona uko bize. Basi sawa, usiku mwema

Saa tatu na dakika tano akajibu: "Nilikuwa jikoni. Asante jamani, nimelishona mwenyewe! Sasa samahani ya nini?" Badala ya kuuliza habari za gauni, nikamwandikia aya nzima kueleza kwa nini nimeomba samahani. Hapo mazungumzo yakafa.

Nikafungua chati nyingine mbili za baadaye. Mpangilio ni ule ule: sifa, natania, heshima, samahani, basi sawa. Kifua kilinibana kweli. Waliowahi kujisoma hivi waniambie walikuta nini.

Binti Pongwe
Hapo kwenye "basi sawa" umenigusa. Yangu mimi ni "au basi".

Mzee wa Msimamo
Tatizo lako ni moja tu. Mwanaume hatumi meseji ya pili. Ukituma moja, weka simu chini siku tatu. Akitaka atajibu.

Mama Ngowe, Mombasa
Babu, hiyo siku tatu umeitoa wapi? Mume wangu nilimpata kwa meseji ya pili. Ya kwanza ilikuwa "mambo", sikuijibu kwa sababu sikuwa na la kujibu. Kesho yake akanitumia picha ya embe ngowe, "zimeshuka sokoni leo, nikuwekee ngapi?" Nikajibu papo hapo. Tuna watoto wawili.

Mzee wa Msimamo
Huyo alibahatika. Bahati ya mtu mmoja haigeuzi kanuni.

Mama Ngowe, Mombasa
Kanuni yako ingeninyima mume.

Dada wa Stoo
Kazi yangu ni kuhesabu mali, kwa hiyo nililifanya jambo hili kama ninavyohesabu stoo. Nilikuwa nimeachwa nikajiambia ni "samahani" zangu zimemchosha mtu. Ndani ya chati nikabonyeza vidoti vitatu, More, Export chat, Without media, nikapata faili la maandishi. Nikatafuta neno samahani. Zikatoka 43.

Sasa msiishie kwenye namba hiyo, itawadanganya. Kiswahili chetu samahani inafungua mlango: "samahani, hivi kesho ni sikukuu?" Hizo zilikuwa 15. Sita zilikuwa za kosa kweli, nilichelewa, nilisahau siku yake ya kuzaliwa. Zikabaki 22 ambazo hazina kosa lolote nyuma yake. Kati ya hizo, 19 nilizituma wakati meseji ya mwisho ni yangu na yeye yuko kimya. Kumbe nilikuwa nauomba radhi ukimya, wala simwombi yeye.

Kwa hiyo angalieni saa kabla ya maneno. Mimi nilipiga mstari kila palipo na meseji zangu mbili zinazofuatana, nikajiuliza: hii ya pili imeleta jambo jipya, au imekuja kuulizia ya kwanza? Embe ya Mama Ngowe ni jambo jipya. "Umelala?", "Mbona kimya?", "Naona uko bize" ni za kuulizia. Hizo zinamdai mtu jibu na huku zinajifanya hazidai.

Kuna mawili yalinichanganya. Kwanza, maelezo yangu marefu yalikuwa kwenye sauti, na faili halionyeshi ulichosema. Ilibidi nirudi kusikiliza, ya dakika nne juu ya kwa nini sikupokea simu. Pili, chati moja haitoshi. Huyu kaka alikuwa na tabia ya kupotea siku mbili, sasa huwezi kujua ni wewe au ni yeye. Nikalinganisha na chati ya shoga yangu: hana samahani hata moja ya namna ile, na yeye pia hukaa kimya sana. Kwa hiyo tabia hii hunijia kwa mtu ninayemtaka tu.

Binti Pongwe
Dakika nne za sauti 😭 mimi nina ya dakika saba.

Kidume Tegeta
Samahani wakuu, hii Export chat inarudisha meseji zilizofutwa? Mke wangu anafuta chati kila jioni.

Dada wa Stoo
Hairudishi. Na hapa tunasoma zetu wenyewe, kaka, si za wenza.

Kidume Tegeta
Nimeuliza tu kwa wema, mbona ukali?

Mama Ngowe, Mombasa
Kaa na mkeo muulize.

Mjomba wa Chanika
Kabla hamjabonyeza hiyo Export chat nisikilizeni. Mwaka jana nilifanya hivyo hivyo, chati ya miezi saba na binti niliyekuwa namtaka. Ukimaliza, simu inakuuliza faili liende wapi, na juu kabisa inapanga watu uliochati nao karibuni. Mimi siku hiyo nilikuwa kwenye kikundi cha harusi ya mdogo wangu. Kidole kikagusa hapo. Faili likaenda kwa watu 64, wamo baba mkubwa, shemeji na mchungaji wetu.

Nilifuta kwa wote ndani ya dakika mbili, nikidhani nimewahi. Shangazi alikuwa ameshalipakua na kulifungua akidhani ni bajeti ya ukumbi. Akanipigia. Hakunigombeza. Alisema, "Mwanangu, huyu mtoto wa watu umemwomba msamaha mara nyingi hivi, ulimpiga?" Nilikosa la kusema, nikalia nikiwa nimesimama stendi. Faili lihifadhini ndani ya simu, msilipitishe kwa mtu.

Binti Pongwe
Nimesoma hiyo mara tatu. Shangazi ajaliwe maisha marefu.

Mlinzi wa Zamu
Je binti alijua?

Mjomba wa Chanika
Alijua. Nilimwambia mwenyewe kabla hajasikia kwa watu, maana yale yalikuwa maneno yake pia. Alikasirika wiki mbili. Yaliyofuata ni yetu.

Mzee wa Msimamo
Mngeacha kutuma meseji za pili haya yote yasingetokea.

Fundi wa Kihonda
Dada wa Stoo, nimefanya ulivyosema, nikaongeza moja. Ukishikilia meseji yako uliyotuma kisha ubonyeze Info, inakuonyesha saa ilipofika na saa iliposomwa, kama mwenzako hajazima tiki za bluu. Nimeshikilia ile ya gauni. Imesomwa saa tatu na dakika tatu. Nikashikilia "natania", saa tatu na dakika tatu. Samahani, vilevile. Alizisoma zote tano kwa mpigo akitoka jikoni. Wakati najitetea, hakuna aliyekuwa amenisikia.

Mlinzi wa Zamu
Na namba yake unayo bado?

Fundi wa Kihonda
Ninayo.

Mama Ngowe, Mombasa
Muulize habari za ushonaji. Moja tu, halafu nenda kafanye kazi zako.

Dada wa Stoo
Mimi ningesubiri kwanza. Usimwandikie kwa sababu umesoma chati usiku.

Mzee wa Msimamo
Siku tatu.