Tupeane uzoefu: g yako ya pendulamu ilitoka ngapi, na ile ± uliitoa wapi?

Mzizi wa Mbuyu
Wakuu, za jioni. Mdogo wangu wa kidato cha tano kaja likizo na daftari lake la maabara. Jaribio ni lile lile tulilofanya sote: uzi, gololi ya chuma, stendi, stopwochi. Urefu sentimita 80.0, mibembeo 20 kwa sekunde 35.94, g, yaani mchapuko wa mvutano wa dunia, ikatoka 9.780. Mpaka hapo safi. Kisha akaandika ± 0.005, na mwalimu kazungushia kwa kalamu nyekundu na kuweka alama ya kuuliza, basi, hakuna neno jingine.

Nilipomuuliza akasema stopwochi inasoma mpaka 0.01, kwa hiyo kachukua 0.01 akagawa kwa 35.94, akazidisha kwa mbili kwa sababu T, muda wa mbembeo mmoja, kwenye kanuni ya g imepandishwa kipeo cha pili. Mimi nikanyamaza, maana zamani zangu nilianza na 9.8 kisha nikapika muda urudi nyuma. Haya, nimeungama. Nyie mlifanyaje?

Kidole Chepesi
Sisi wote tulipika mkuu, usijione peke yako.

Ila dogo kakosea kitu kimoja. Stopwochi inasoma 0.01, lakini anayeibonyeza ni mtu. Kidole kinachelewa, weka 0.2. Hiyo 0.2 kwa 35.94 ni asilimia 0.56. Sasa kwa sababu kapima mibembeo 20, unagawa kwa 20, inabaki 0.028. Ndiyo faida ya kupima mingi. Kwa hiyo ile ± 0.005 yake iko sawa, kafika kwa njia ya vichochoro tu.

Mwalimu Mstaafu
Kidole Chepesi, nusu ya kwanza nakupa maksi zote. Nusu ya pili umegawa mara mbili, na nimeliona kosa hilo kwenye madaftari mpaka nimezeeka nalo.

Twende polepole. Kidole kinakosea sekunde 0.2 kwenye muda wote wa 35.94. Ukitaka muda wa mbembeo mmoja unagawa kwa 20, na kosa nalo unaligawa kwa 20. Unapata T ya 1.797 na shaka ya 0.01. Sasa chukua 0.01 gawa kwa 1.797. Inatoka asilimia 0.56, ile ile. Juu umegawa kwa 20, chini umegawa kwa 20, asilimia haikutikisika. Faida ya mibembeo 20 ulishaila pale ulipogawa 0.2 kwa 35.94. Ungepima mbembeo mmoja ungegawa 0.2 kwa 1.8, ambayo ni asilimia 11, na kwenye g inakuwa 22. Yaani hujui kama g ni 7.6 au 11.9.

Kwa kijana wetu: 0.56 mara mbili ni 1.11. Urefu, milimita moja kwenye 800, ni asilimia 0.125. Jumla 1.24. Aandike g = 9.78 ± 0.12, na ile tarakimu ya nne aifute. Nadhani kalamu nyekundu ilikuwa inauliza hayo tu.

Kidole Chepesi
Shikamoo mwalimu. Miaka 9 naamini nilipata A kwa haki.

Mwalimu Mstaafu
Marahaba. A ni yako, mimi sikusahihisha.

Dada wa Eldoret
Kwetu kwenye Paper 3, ule mtihani wa maabara, ilikuwa ni lazima uchore grafu ya T² dhidi ya urefu L, kwa hiyo sikuwahi kujiuliza hayo ya asilimia. Yangu ilikuwa kituko kingine. Nilipata 10.84. Kila mtu mezani kwetu alikuwa na 9.7 au 9.8, mimi nina 10.84, na nilipima mara tatu zote zikalingana vizuri sana. Nikaandika shaka asilimia 1 kwa kujiamini kabisa.

Kumbe nilikuwa naachia gololi, nabonyeza stopwochi na kusema "moja". Nikifika "ishirini" nasimamisha. Hesabu uone, imebembea mara 19! Nikagawa kwa 20. T ikapungua asilimia 5, g ikapanda karibu 11. Lab technician ndiye alinishtua, akaniambia nianze "tatu, mbili, moja, sifuri", na nibonyeze kwenye sifuri. Mpaka leo hata nikihesabu sufuria za maji naanza sifuri.

Mwalimu Mstaafu
Dada, hilo ni funzo lenyewe. Kipimo kikikosewa kwa namna ile ile kila mara, kurudia mara tatu kunakupa tu kosa moja lililopigwa pasi vizuri. Asilimia ya shaka haiwezi kulitaja kwa sababu hailijui.

Saa ya Babu
Samahani wanajukwaa, nimeona neno pendulamu nikaingia. Nina saa ya ukutani ya marehemu babu, inachelewa kama dakika 4 kwa siku. Fimbo yake ni kama sentimita 25. Hiyo asilimia yenu inaweza kunisaidia, au nimekosea mlango?

Mwalimu Mstaafu
Mlango umekosea lakini kaa, kiti kipo. Dakika 4 ni sekunde 240 kati ya 86,400 za siku, karibu asilimia 0.28. Mbembeo wako ni mrefu kwa kiasi hicho. Muda unafuata kipeuo cha pili cha urefu, kwa hiyo urefu unapaswa kupunguzwa mara mbili yake, 0.56, na kwa sentimita 25 hiyo ni kama milimita 1.4. Chini ya kile kisahani kuna nati. Ipandishe kidogo, subiri siku nzima, angalia tena. Usiipandishe milimita 1.4 yote kwa mara moja, maana fimbo nayo ina uzito na hesabu hii ni ya gololi kwenye uzi.

Ile "mara mbili" inayowasumbua vijana ndiyo hiyo hiyo, ila wewe umeiendea kutoka upande wa pili.

Mhandisi Baridi
Nipo Ulaya kimasomo. Huku hatujumlishi asilimia hivyo kavu kavu. Tunapandisha kila moja kipeo cha pili, tunajumlisha, tunatafuta kipeuo. Kwa dogo: 1.11 na 0.125 zinatoa 1.12 badala ya 1.24. Kujumlisha moja kwa moja ni kudhani makosa yote yameamka vibaya siku moja.

Pia 0.2 mnaitoa wapi? Kidole kinachelewa kuanza na kinachelewa kusimamisha, kwa hiyo sehemu kubwa inajifuta. Kinachobaki ni kuyumba tu. Mwambie apime mara tano aone zinatawanyika kiasi gani.

Mwalimu Mstaafu
Kuhusu kujifuta nakubaliana nawe. Kuhusu kipeuo, kijana aandike alivyofundishwa, maana msahihishaji wake si wewe. Na angalia, tofauti yenyewe ni 1.12 na 1.24, wote tunaandika ± 0.1 tu. Urefu hapo hauna sauti, muda ndio unaozungumza.

Mhandisi Baridi
Sikubali kwamba ni suala la msahihishaji, lakini tuendelee.

Mzizi wa Mbuyu
Tumepima leo sebuleni! Gololi kwenye uzi, uzi umebanwa kati ya vipande viwili vya kizibo kwenye fremu ya mlango, tumepima mpaka katikati ya gololi, sentimita 80.0. Mibembeo 20 mara tano: 35.88, 36.02, 35.91, 35.97, 35.90. Wastani 35.94. Kutoka ndogo hadi kubwa ni 0.14, nusu yake 0.07. Asilimia 0.19, mara mbili 0.39, na ya urefu, jumla kama 0.51. Kwa hiyo 9.78 ± 0.05.

Dogo anauliza swali: kwa nini kitabu kinasema 9.81 na sisi Dar tunapata 9.78? Tumekosea?

Kidole Chepesi
Asilimia ya kosa ni 9.81 toa 9.78, gawa kwa 9.81, sawa na 0.3. Hiyo ndiyo shaka yenu sasa.

Mwalimu Mstaafu
Hapana, hiyo ni tofauti na kitabu. Shaka ni ya kipimo, ingekuwepo hata kama kitabu kisingekuwepo.

Na kitabu hicho kinasema ya Ulaya. Karibu na ikweta g ni kama 9.78 kweli. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alipeleka saa ya pendulamu Cayenne, Amerika Kusini, ikawa inachelewa kama dakika mbili na nusu kwa siku kuliko Paris, akalazimika kufupisha pendulamu. Dakika mbili na nusu ni asilimia 0.17 ya siku, mara mbili, karibu 0.35 kwenye g. Yeye aliigundua kwa sababu saa ilihesabu mibembeo ya siku nzima. Ninyi mna ± 0.05, maana yake kati ya 9.73 na 9.83. Paris na Dar zote zimo humo ndani. Hamjakosea, ila bado hamwezi kudai mmeona tofauti.

Mhandisi Baridi
Pimeni 100 basi. Kuyumba kukibaki 0.07, kwenye sekunde 180 ni asilimia 0.04, mara mbili 0.08. Na urefu 0.125, ambao sasa ndio mkubwa. Jumla 0.2, yaani ± 0.02. Hapo 9.81 inabaki nje. Lakini bembeeni kwa pembe ndogo. Ukivuta digrii 10, T inarefuka asilimia 0.19 na g inashuka 0.38, na kosa hilo peke yake ni kubwa kuliko tofauti mnayoitafuta. Digrii 5 inashusha kama 0.1 tu. Na bonyezeni gololi inapopita katikati, si inapogeuka pembeni. Pembeni inazubaa, jicho halijui lini. Wekeni kijiti nyuma yake.

Saa ya Babu
Nimepandisha nati. Leo inawahi dakika moja. Nimerudisha nusu mzunguko. Asanteni.

Mzizi wa Mbuyu
Tumepima 100, digrii 5, kijiti nyuma, mama kakataza mtu yeyote kupita mlangoni. Ya kwanza 179.6. Ya pili 181.5. Ya tatu 179.8. Ile ya pili peke yake inatoa 9.59. Tunaweza kuifuta?

Dada wa Eldoret
Angalia tofauti! 181.5 toa 179.7 ni 1.8, mbembeo mmoja kamili. Hicho si kidole, mmepitwa na hesabu. Zilikuwa 101. Gawa kwa 101 uone.

Mzizi wa Mbuyu
1.797. Duh. Dogo anasema alipiga chafya kwenye sitini na kitu.

Mhandisi Baridi
Basi iwekeni kama 101, kipimo ni kizima.

Mwalimu Mstaafu
Mimi ningeiacha kwenye daftari, niipige mstari mmoja isomeke, niandike "chafya" pembeni, kisha nipime nyingine. Kuirekebisha kwa sababu sasa inafanana na wenzake ni kupika, hata kama chakula kimeiva.

Mhandisi Baridi
Mwalimu, tofauti ni mbembeo mmoja kamili. Hiyo si kupika, ni ushahidi.

Mzizi wa Mbuyu
Dogo kashafunga uzi tena. Safari hii nahesabu mimi, yeye anaweka alama ya kalamu kila mibembeo kumi.